Mahali pa Kusimama: Namna ya Kuifupisha Video ya Khitma



Desturi ya kupiga video katika shughuli zetu imekwisha kufika hata vijijini. Hapa kwetu Nyamahanga ni nadra siku hizi kuona arusi, Maulidi au khitma ya madrasa isiyopigwa picha tangu watu wanapoingia mpaka sufuria za pilau zinapooshwa. Lakini picha hizo zikisha kupigwa, hapana azitazamaye. Aliyekuwako amekwisha kuyaona kwa macho yake, na asiyekuwako hana subira ya kukaa saa nne akitazama watu wakitafuta mahali pa kukaa. Ndipo vijana wakaanzisha kazi ya kuzifupisha, wakatoa katika shughuli ya siku nzima kipande cha dakika tano au sita cha kupelekwa kwa jamaa walio mbali.

Kazi hii huonekana nyepesi, lakini ina ilimu yake. Nimekaa nayo jioni nyingi pamoja na kijana mmoja aliyesoma kwetu zamani, ambaye sasa ana kompyuta yake na programu ya kukatia video. Nataka kuwaeleza wasomaji yale niliyoyaona, kwani mwenye kukata vibaya huweza kuwapelekea watu jambo ambalo halikutokea.

Khitma ninayoizungumzia ilikuwa ya wanafunzi tisa. Video yake ilikuwa ya saa tatu na dakika arubaini, yaani dakika 220. Tuliyoyakusudia ni dakika sita tu. Basi katika kila dakika thelathini na saba ilikuwa tuchukue moja na kuziacha nyingine zote. Mtu akiijua hesabu hii mapema hatasumbuka na swali la "nini nitoe?", bali atajiuliza "nini ambacho kikikosekana, khitma hii si khitma tena?"

Jambo la kwanza ni kutoigusa asili. Video nzima hunakiliwa na kuwekwa mahali pawili, na ukataji hufanywa katika nakala. La pili ni kuitazama yote mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho, bila ya kukata hata kipande kimoja, na daftari mkononi. Kazi hiyo ilituchukua jioni mbili baada ya Isha. Katika daftari tuliandika saa iliyoonekana penye kioo, na mbele yake maneno machache ya kinachotokea. Palipotugusa moyo tulitia alama ya nyota. Kisha kwa kila nyota tulirudi nyuma tukatafuta ni jambo gani lililomfanya mtu aguswe, na hapo tukatia duara. Sharti letu lilikuwa hili: nyota isiyokuwa na duara lake haiingii.

Sharti hili nitalieleza kwa mfano mmoja, kwani ndilo shina la kazi nzima.

Miongoni mwa wale tisa alikuwako mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyesoma Surat Ar-Rahman kwa moyo. Kila aliyeihifadhi sura hii aijua shida yake. Ina aya 78, na aya moja katika hizo hurudiwa mara 31. Msomaji akisha kuitamka aya ile inayorudiwa, hujikuta penye njia panda, kwani mwisho wa aya iliyotangulia hauwezi kumkumbusha ya mbele; maneno ni yale yale kila mahali. Mtoto yule alifika kati ya sura, akaisoma aya hiyo, akanyamaza. Watu walikaa kimya. Mmoja wa wakubwa alitaka kumfungulia, nikamwashiria angoje. Mbele kabisa alikuwa ameketi babu yake, mzee asiyeona, ambaye ndiye aliyemsomesha nyumbani usiku kwa usiku kwa kumtamkia. Mzee aliinama mbele, akategesha sikio. Baada ya sekunde kumi na nne mtoto akaipata aya yake, akaendelea mpaka mwisho bila ya kukwama tena. Mzee akashusha pumzi iliyosikika mpaka nyuma, akasema "Alhamdulillahi," kisha akavua kofia yake akafutia uso.

Kijana wetu, katika kukata kwake kwa mara ya kwanza, aliyaona machozi ya mzee, akayachukua. Kunyamaza kwa mtoto akakuona ni aibu na tena ni kupoteza wakati, akakuondoa. Na kwa kuwa ile aya hurudiwa, alifanya jambo lililomwia jepesi sana: alikata baada ya aya hiyo pale mtoto aliponyamaza, akaunganisha na mahali pa mbele ambapo aya hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kusomwa tena. Sikio halikutambua kiungo. Sauti ilikwenda moja kwa moja kama maji.

Tukamwonyesha jamaa mmoja aliyekuwa safarini siku ya khitma. Akatazama, kisha akauliza, "Yule mzee ana nini? Ana uchungu wa macho?"

Swali hilo latosha kuwa funzo. Machozi yalikuwamo, lakini sababu yake ilikuwa imetupwa. Mtazamaji aliletewa matokeo bila ya chanzo, naye hakuguswa, bali alishangaa. Kilichowaliza watu siku ile si uso wa mzee. Ni khofu ya zile sekunde kumi na nne, na faraja iliyokuja baada yake. Ukiiondoa khofu, faraja haina pa kusimama. Mwenye kukata video hudhani kuwa ukimya ni nafasi tupu, kumbe mara nyingi ndipo mambo yote yalipo.

Basi tukazirudisha sekunde zote kumi na nne. Hapo likatokea jambo jingine la kiufundi. Kioo kikikaa kimya muda huo, mtazamaji hudhani simu yake imekwama, naye hugusagusa ili iendelee. Dawa yake ni kuchagua sehemu ya picha ambayo ndani yake mna kitu kidogo kinachotembea. Tukaivuta picha karibu mpaka ukaonekana mkono wa mtoto ukisokota ncha ya kanzu yake, na tukaiacha sauti ya kikohozi cha mtu mmoja aliyekuwa nyuma. Mtu akiona kidole kinatembea na akisikia kikohozi, hujua kuwa wakati unakwenda, naye hungoja pamoja na waliongoja. Baada ya "Alhamdulillahi" ya mzee tukaacha sekunde sita nyingine bila ya kutia neno lolote, ili moyo upate kutua.

Na ile aya iliyounganishwa? Hapa ilimu ya madrasa yafaa kuliko ilimu ya kompyuta. Kiungo kile kilikuwa kizuri kwa sikio, lakini kilikuwa kimeruka aya kadhaa, na mtazamaji angedhani kuwa ndivyo sura inavyokwenda. Mwenye kuhifadhi angekitambua mara moja, na asiyehifadhi angefundishwa makosa. Kanuni tuliyoiweka ni hii: kisomo hukatwa mwishoni mwa aya, baada ya msomaji kuvuta pumzi. Ikibidi kuruka, sauti hupunguzwa polepole mpaka inyamaze, picha hubadilika, ndipo kisomo kingine huanza, ili kila mtu ajue kwamba hapa pamerukwa. Kuruka si kosa, kwani hatuwezi kuweka sura nzima. Kosa ni kuruka huku tukijifanya hatukuruka.

Wasomaji waliokaa chuoni wanajua kuwa katika msahafu mna alama ndogo juu ya mistari: mim ya kumlazimisha msomaji asimame, jim ya kumjuzishia, na lam-alif ya kumkataza. Sababu yake ni kuwa maneno yakikatwa pasipo pake, maana hugeuka. Mfano ujulikanao hata na watoto ni wa Surat Al-Maun. Atakayekomea aya ya 4 na asiendelee atakuwa kama amewatishia adhabu watu wote wanaosali, na hali ya kuwa aya inayofuata yabainisha kuwa wanaokusudiwa ni wale wanaoghafilika na sala zao. Hajaongeza herufi wala hajapunguza katika alichokisoma, na juu ya hivyo ameigeuza maana.

Jambo kama hilo lilitaka kutokea katika hotuba. Mgeni wetu alisema kwa dakika ishirini na tano. Katikati alianza kueleza maneno ya wale wanaosema kuwa mtoto wa kike akisha kujua Fatiha na sura fupi imemtosha. Aliyaeleza kwa ukamilifu, kwa sauti ya nguvu, kama alivyowahi kuyasikia, muda wa dakika nzima. Kisha akanyamaza kidogo, akaanza kuyavunja moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini zaidi. Kijana wetu alitafuta palipo na sauti ya nguvu, kwani ndipo panapopendeza, akachukua sekunde arubaini za ile dakika. Laiti zingetoka hivyo, mgeni wetu angejulikana mpaka mijini kuwa anakataza yale yale aliyokuja kuyahimiza, na wale wasichana wanne waliokhitimu siku ile wangeona kuwa wametukanwa katika sherehe yao wenyewe.

Nikamwambia, "Mwanangu, hapa pana lam-alif, usisimame."

Akacheka, lakini alifahamu. Katika hotuba, basi, usichukue sentensi iliyo tamu. Chukua fikira iliyokamilika, hata ikiwa fupi. Njia ya kupima ni nyepesi: andika kwa mkono maneno ya kipande ulichokikata, kisha msomee mtu bila ya kumwonyesha picha, umwulize msemaji anataka nini. Jibu lake likiwa kinyume cha hotuba, kipande kimekatwa vibaya. Sisi tulichukua mwisho wa hotuba, pale mgeni aliposimulia jinsi mama yake alivyomfundisha alifu na be kwa kuandika majivuni kwa kijiti. Kisa kizima kilikuwa sekunde hamsini, na maana yake haikuhitaji kitu cha mbele wala cha nyuma.

Sasa niseme kidogo juu ya sauti, kwani wengi huitazama picha na kulisahau sikio. Jenereta letu lilinguruma tangu mwanzo wa shughuli mpaka mwisho. Aliyekuwako hakulisikia tena baada ya muda kidogo, kwa sababu sikio huzoea. Lakini ukikata vipande na kuviunganisha, mngurumo wa kipande kimoja huwa mkubwa na wa kingine mdogo, na kila kiungo husikika kama mlango unaofunguliwa na kufungwa. Mtazamaji hajui ni nini kinachomsumbua, ila huona kuwa moyo wake hautulii. Dawa ni kutafuta katika video nzima mahali ambapo hapana asemaye, kama nusu dakika, ukachukua mngurumo mtupu wa hapo na kuutandaza chini ya vipande vyote, kama mkeka mmoja chini ya watu wengi. Kisha kila kiungo hufanywa sauti ya kwanza ififie kidogo huku ya pili ikiingia. Ukitaka kujua kama umefaulu, fumba macho usikilize tangu mwanzo. Mahali sikio linaposhtuka, ndipo penye kazi iliyobaki.

Watu wengi huficha viungo hivi kwa kutandaza kasida juu ya kila kitu. Sisi hatukufanya hivyo. Juu ya kisomo cha Qur'ani haifai kabisa. Hata mahali pengine, kasida iliyotandazwa humwamrisha mtazamaji alie kabla ya kuona cha kumliza. Kasida waliyoiimba watoto wenyewe tuliiweka mahali pake, ikisikika kwa sauti zao, na yule mmoja aliyetangulia wenzake mwanzoni hatukumwondoa.

Jambo la tatu ni nyuso. Karibu na mwaka 1920 Mrusi mmoja mtengeneza filamu, aitwaye Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso mtulivu, akauunganisha mara na bakuli la mchuzi na mara na maiti. Yasimuliwa kuwa watazamaji waliusifu uso huo: hapa wakaona njaa, pale wakaona huzuni, na uso ulikuwa ule ule. Mtu huisoma sura ya mwenziwe kwa kilichowekwa kando yake. Basi ukimchukua mama aliyefuta machozi saa mbili kabla, ukamweka baada ya mtoto asiyekuwa wake, umetunga kisa. Kitapendeza, lakini ni uwongo, na hapa kijijini watu wanajuana. Kanuni yetu ni kuwa uso huwekwa pamoja na jambo ulilolitazama kwa hakika, na saa zilizoandikwa daftarini ndizo shahidi.

Tena, si kila chozi lililotoka mbele za watu ni la kutazamwa na watu. Mama mmoja, jina la mwanawe lilipotajwa, alilia sana, kwani mumewe alifariki kabla ya khitma kwa miezi michache. Katika video nzima hapakuwa na mahali pazito kuliko hapo, na daftarini palikuwa na nyota mbili. Tulimpelekea ujumbe kwa njia ya shangazi wa mtoto, kumwomba idhini. Akajibu, "Siku ile nililia mbele ya watu wangu. Sitaki kulia katika simu za watu nisiowajua." Tukaondoa bila ya kujadiliana. Mwanawe tulimwacha, akionekana akipokea cheti chake kwa mikono miwili.

Na hapa ndipo palipokuja haki ya wale wengine. Kila mzazi atazamapo video humtafuta mwanawe kwanza, na asipomwona, dakika sita zote ni bure kwake. Kwa hiyo wote tisa waliwekwa, kila mmoja sekunde tano: jina lake likitajwa kamili, na uso wake ukionekana anapogeuka. Hesabu yetu ilimalizika hivi: kuingia kwa watu na ufunguzi sekunde 25, majina ya wanafunzi tisa sekunde 45, kisomo cha Ar-Rahman, pamoja na ule ukimya na babu, sekunde 135, kisa katika hotuba sekunde 50, kasida ya watoto sekunde 40, dua sekunde 45, na watoto wakitoka mbio kwenda kula sekunde 20. Jumla yake ni sekunde 360, ndizo dakika sita. Mtaona kuwa zaidi ya thuluthi moja imekwenda kwa jambo moja. Tulipojaribu kuyapa mambo yote sehemu sawa, hapakuwa na hata moja lililogusa mtu. Ni afadhali jambo moja lipewe nafasi yake ya kupumua, na mengine yapite kwa heshima.

Kufika hapo hakukuwa kwa mara moja. Kwa nyota na maduara tulishuka kutoka dakika 220 hadi 41, kisha 14, kisha sita. Kila tuliposhuka tuliacha ipite siku moja kabla ya kutazama tena, kwani mwenye kukata huzoea vipande vyake, akawa haoni tena kilichopungua. Mwisho tulimwita yule jamaa aliyeuliza juu ya macho ya mzee. Akatazama mpaka pale mtoto aliponyamaza, akaisogeza simu karibu na uso wake. Hakuuliza kitu.

Baba wa mtoto yule yuko Dar es Salaam kikazi, na siku ya khitma hakupata ruhusa. Alipoletewa zile dakika sita alipiga simu usiku, akaniomba, "Maalim, nipelekee na ile yote." Ndiyo faida ya kuitunza asili: muhtasari mwema humfanya mtu atake kitabu kizima. Tukamtilia saa tatu na dakika arubaini katika kadi ya kumbukumbu, akaichukua msafiri wa basi.

Basi vijana wetu mnaoifanya kazi hii, kabla ya kukata popote jiulizeni kama anayesikia hapo ataondoka na maana iliyo kamili. Ikiwa haijakamilika, endeleeni mbele mpaka pajuzu kusimama. Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote. Amin.